Asubuhi soya inaingia vizuri, saa tano inakatika: kabla hujalaumu boksi angalia chupa

"Habari mtaalamu. Nina kibanda cha kahawa hapa Moshi, wateja wangu ni watalii na vijana ambao maziwa ya ng'ombe yanawasumbua tumbo. Nachemsha kahawa saa moja asubuhi naweka kwenye chupa kubwa. Asubuhi maziwa ya soya yanaingia vizuri tu, ikifika saa tano saa sita nikimimina yanakatika vipande vipande, na boksi ni lilelile la asubuhi na lilikuwa kwenye friji. Nimeshabadilisha aina tatu. Ya oti ya dukani bei kali, nikajaribu kutengeneza yangu yakawa kama uji kwenye kikombe. Yanakuwa yameharibika? Nitamdhuru mteja? Nifanyeje?"

Dada, kwanza acha kubadilisha maziwa, hela uliyotumia inatosha. Umeandika kitu kimoja ambacho watu wengi hawakigundui hata baada ya mwaka, kwamba boksi ni lile lile, asubuhi poa, saa tano linakataa. Maziwa yaliyokaa kwenye friji kwa masaa manne hayabadiliki hivyo. Kilichobadilika ni kahawa iliyoko kwenye chupa.

Na kudhuru, hapana. Vipande vile ni protini ya soya imeshikana, basi. Ukitaka kujua kwa hakika kama maziwa yamechacha au la, usianze kuonja onja na kunusa, chemsha maji matupu, mimina nusu kikombe, weka maziwa kidogo ukoroge. Yakibaki meupe laini, maziwa hayajachacha na mgomvi ni kahawa. Yakikatika hata kwenye maji matupu hapo sawa, yamechacha, mwaga. Hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye boksi, manake tarehe ile ni ya boksi ambalo halijafunguliwa.

Sasa ngoja nieleze kinachotokea mle kwenye kikombe, maana ukikielewa hicho mengine yote utayapanga mwenyewe.

Maziwa ya soya ni maji yenye chembe ndogo ndogo za protini na mafuta zinazoelea. Hazizami wala hazishikani kwasababu kila chembe ina chaji hasi juu yake, kwahiyo zinasukumana, kama abiria wa daladala ambao hakuna anayetaka kuguswa na mwenzake. Asidi ikiingia inaifuta ile chaji kidogo kidogo. Ikifika mahali chaji imeisha, hakuna tena cha kuzitenganisha, chembe zinagongana zinanasana, na unachokiona wewe ni vipande. Joto linaharakisha, kwasababu kwenye moto chembe zinakimbia na kugongana zaidi. Ndo maana soya hiyohiyo kwenye kahawa ya baridi mara nyingi inatulia, au inachukua muda mrefu kabla haijakatika.

Asidi tunaipima kwa pH, namba ikishuka ukali unapanda. Soya inakaa karibu na 7. Kahawa nyeusi inazunguka 5. Ukichanganya unapata kitu cha katikati, na protini ya soya ikiwa ya moto inaanza kushikana ikikaribia 5.5, wakati mwingine hata juu ya hapo kidogo. Kwahiyo kikombe chako cha asubuhi kilikuwa kinapita pembeni kabisa ya ukingo, we ukadhani kiko salama. Maziwa ya ng'ombe yana protini nyingine inayovumilia asidi zaidi, na yenyewe pia yanaipunguza makali kahawa, ndo maana hayakusumbui. Ila nayo yakishaanza kuchacha hata kidogo yanakatika hivyo hivyo, muulize yeyote aliyewahi kuchemsha chai na maziwa ya jana.

Alafu ujue tofu inatengenezwa hivyohivyo, maziwa ya soya ya moto unayatia chumvi ya kalisiamu au ya magnesi, wengine asidi ya limao, yanashikana, unayakamua. Yaani saa tano ulikuwa unawauzia watalii tofu ya kahawa bila kujua, tena bei poa.

Turudi kwenye chupa. Kahawa ikikaa kwenye joto inaendelea kubadilika hata kama chupa imefungwa vizuri. Kuna vitu ndani yake vilivyotokana na ule uchomaji, havina ukali vikiwa vizima, lakini vikikaa kwenye maji ya moto vinafunguka na kuwa asidi. Kila saa inayopita pH inashuka kidogo. Tuseme asubuhi ilikuwa 5.1 na saa tano imefika 4.8, kwa macho ni tofauti ndogo ila kipimo hiki hakiendi kama rula, kushuka kwa 0.3 maana yake ukali umezidi kama mara mbili. Ulimi nao unajua, ile kahawa ya chupa ya mchana ina uchachu fulani mbaya unaobaki nyuma ya ulimi, sio ule wa matunda wa asubuhi. Wateja wanaokunywa nyeusi wanauonja ila hawasemi, wanaacha tu nusu kikombe.

Na kahawa ya huku kwetu ina asidi tangu mwanzo. Arabika ya Kilimanjaro na Meru inayooshwa, wanunuzi wanaitafuta kwasababu ya ule ukali safi, ndo sifa yake. Ikichomwa nyepesi, kama mahoteli ya watalii wanavyoipenda siku hizi, asidi inabaki nyingi zaidi. Ikichomwa mpaka ikawa nyeusi, kama ya wauza kahawa chungu wa mtaani, asidi nyingi inaungua na soya inapumua. Robusta ya Bukoba nayo kwa kawaida ina uchachu mdogo kuliko arabika. Sikwambii uache arabika ya mlimani, ningekuwa mwendawazimu kusema hivyo nikiwa Arusha, ila kama unanunua iliyochomwa nyepesi jaribu ya kati kwa ajili ya vikombe vya maziwa ya mimea, nyepesi uwaachie wanaokunywa nyeusi.

Maji nayo, na hapa nina kisa changu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namsaidia jamaa kufungua mgahawa mdogo Arusha. Tukafanya majaribio nyumbani kwake, maji ya kisima, soya haikatiki hata kidogo, tukashangilia. Siku ya kufungua tukatumia maji ya chupa kwasababu tulitaka kuonekana wa maana, vikombe vya kwanza vitano vyote vimekatika mbele ya wageni. Nilihangaika siku mbili nalaumu boksi, kama wewe. Kumbe maji mengi ya visima kuzunguka Meru yana bikaboneti ya sodiamu kwa asili, yanatoka kwenye miamba ya volkano, na bikaboneti inameza asidi. Maji ya chupa yaliyochujwa sana hayana cha kumeza, kahawa inatoka na ukali wake wote. Lakini tafadhali usikimbilie kisima kama dawa, kwasababu maji hayohayo ndo yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto wa huku, na kahawa yake inapooza, haina uhai. Nimekuambia ili siku ukibadilisha maji na soya ikabadilika tabia usione uchawi.

Haya, cha kufanya. Naanza na chupa kwasababu ndo tatizo lako, hata usipofanya kingine chochote. Usichemshe ya siku nzima saa moja. Tumia chupa ndogo ya nusu lita au lita moja, chemsha mpya kila inapoisha, na isikae zaidi ya saa moja na nusu. Najua gesi ni hela. Kama hilo haliwezekani, ile ya chupa kubwa iwe ya wanaokunywa nyeusi na wa maziwa ya ng'ombe, na mteja wa soya mchujie kikombe chake papo hapo kwa kichujio cha kitambaa, vijiko viwili vya chakula vilivyojaa kwa maji kama ml 180, dakika 3 au 4 imeisha.

Pili ni namna unavyomimina. Wewe unamimina maziwa ndani ya kahawa, sivyo? Tone la kwanza la soya linaanguka kwenye bahari ya asidi ya moto peke yake, linakatika hapo hapo kabla wenzake hawajafika, na kilichoshikana hakiachiani tena hata ukoroge mpaka kesho. Geuza. Weka soya kwanza kwenye kikombe, ikiwa imepashwa, alafu mimina kahawa taratibu huku unakoroga. Hapo soya ndo wengi na kahawa ndo mgeni, asidi inapanda pole pole na inasambaa. Mwisho wa safari mchanganyiko ni uleule, kwahiyo kama kahawa yako ni kali kupita kiasi itakatika tu baada ya dakika kadhaa, lakini kama ulikuwa ukingoni kumimina hivi kunakuvusha.

Na iwe imepashwa, isiwe ya friji wala ya kuchemka. Nyuzi 55 mpaka 60 zinatosha, yaani sufuria ukiigusa unaweza kuvumilia sekunde moja mbili kabla hujatoa mkono. Kahawa nayo iache ipumue dakika 2 au 3 baada ya kuchuja. Watu husema huku juu maji hayana moto wa kutosha kukata maziwa, eti kwa sababu ya mwinuko. Ni kweli maji Moshi yanachemka kama nyuzi 97 na Arusha kama 95, lakini huo ni moto mwingi mno kwa soya, sio kinga.

Tuchukue kikombe kimoja tukifanye chote. Kahawa ya kwenye chupa ya saa tano, ml 120, soya ml 60. Vikombe vitatu vya glasi ili uone. Cha kwanza, soya ya friji juu ya kahawa, kama ulivyozoea, itakatika ndani ya nusu dakika. Cha pili, soya ya vuguvugu chini, kahawa ileile ya chupa juu taratibu, mara nyingi itakaa dakika kadhaa kisha utaona punje ndogo ndogo kwenye ukuta wa glasi. Cha tatu fanya kama cha pili ila kwa kahawa mpya, hiki kinatakiwa kibaki laini mpaka mtu amalize kunywa. Kama cha tatu nacho kinakatika basi kahawa yako ni kali sana kwa soya hiyo, punguza kahawa mpaka ml 90 na soya iende 90, au badilisha uchomaji.

Ikishindikana kabisa, kuna magadi ya kuokea, baking'i soda, sio hamira wala ile baking'i pauda. Robo ya kijiko cha chai, kilichofutwa juu, kwa lita nzima ya soya, koroga iyeyuke kabla hujapasha. Inafanya kazi kama yale maji ya Meru, inameza asidi. Usizidishe, ukizidisha utasikia ladha ya sabuni na kahawa inakuwa na rangi ya kijivujivu isiyoeleweka. Mteja mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi mwambie umeweka, kwasababu ni sodiamu. Mimi binafsi naiweka mwisho kabisa, inasaidia ila inaua ladha ya kahawa uliyoilipia.

Ukitaka kuachana na hesabu zote hizi, soma nyuma ya boksi. Yale yanayoandikwa ya barista huwa yana fosfeti ya potasiamu, namba yake E340, kazi yake ni hiyohiyo ya kuzuia pH isiporomoke ila bila ladha ya sabuni. Yameongezwa na mafuta ili yatoe povu. Bei iko juu lakini kama unauza vikombe vitatu vine kwa siku boksi moja linalipa. Na lolote utakalonunua litikise vizuri, kalisiamu inayoongezwa huwa inazama chini, ukifika mwisho wa boksi unamimina tope lake lote kwenye kikombe kimoja, na kalisiamu nayo inaisukuma soya ishikane.

Kama una mpango wa kutengeneza soya mwenyewe, kitu kimoja tu nakusihi. Ikifika karibu nyuzi 80 inapanda povu kubwa kama imechemka, wengi wanazima moto hapo. Haijachemka. Punguza moto, povu lishuke, kisha ichemke kweli dakika 10 hadi 15 huku unakoroga. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini, inaleta kichefuchefu na kuhara, na hapo ndo utamdhuru mteja kweli, sio kwenye vile vipande.

Sasa oti. Hapa ugonjwa ni mwingine kabisa hata kama kikombe kinafanana. (Wengine wanaiita shayiri, shayiri ni nafaka nyingine.) Maziwa ya oti yana protini kidogo, kama theluthi moja ya soya, kwahiyo yakikatika unaona vumbi vumbi tu linazama, sio mabonge. Ule uji wako ni wanga. Oti imejaa wanga, na wanga ukipita nyuzi 60 hivi unavuta maji, unavimba, unakuwa uji, ndo kazi yake. We umesaga oti na maji ukachuja ukamwagia kahawa ya moto, umepika uji wa kahawa. Hakuna kumimina taratibu kutakakokuokoa hapo.

Viwandani wanaukatakata huo wanga kwa vimeng'enya mpaka unakuwa sukari nyepesi, ndo maana ya dukani ni matamu hata kama hayajaongezwa sukari. Njia hiyo ya oti ilianzia kwa watafiti wa chuo kikuu cha Lund, Sweden. Lakini dada, wewe uko Moshi, vimeng'enya hivyo vipo sokoni tangu enzi za mababu, vimo ndani ya kimea. Kimea cha ulezi kinachowekwa kwenye mbege, hichohicho. Mama aliyewahi kulainisha uji wa mtoto kwa kimea anajua, uji mzito unatiwa kijiko unakuwa maji ndani ya dakika chache.

Gramu 100 za oti, lita 1 ya maji, pika uji mwepesi mpaka uive. Uache upoe hadi nyuzi 60 hadi 65, kama huna kipima joto ni pale unapoweza kuchovya kidole na kukitoa haraka bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea, koroga, funika, uache nusu saa pembeni ya jiko ukae na joto. Utaona unalegea. Ukiutia kimea ukiwa unachemka umekiua, hakuna kitakachotokea, na hili ndo kosa la kila mtu mara ya kwanza. Ukishalegea uchemshe tena dakika 5 ili kimea kiache kazi, chuja kwa kitambaa safi, poza haraka, friji, umalize ndani ya siku mbili. Ukipenda ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti upige na blenda, yanaleta ule utelezi.

Usitegemee yafanane na ya boksi. Rangi inakuwa ya udongo kidogo na kuna harufu ya kimea, mimi naipenda na kahawa iliyochomwa kati, mke wangu anasema kinanuka kilabu. Povu halisimami. Kimea nunua kikavu kisicho na harufu ya uvundo wala ukungu, chenye ukungu usikiokoe kwa kuchemsha, sumu ya ukungu haiondoki kwa moto. Kwa mteja anayekwepa gluteni muulize kwanza, oti nyingi zinachanganyika na ngano shambani na kiwandani.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Mteja akikuambia midomo inawasha, imevimba, au anapumua kwa shida baada ya soya, hiyo inaweza kuwa mzio, mpeleke hospitali hapo hapo usisubiri kuona kama itapoa. Na kama utaanza kuuza maziwa uliyotengeneza mwenyewe, mwite afisa afya wa kata aje aone jiko, friji na maji yako kabla hujaanza, maana maziwa ya mimea yakikaa nje kwenye joto la Moshi la mchana yanaharibika haraka kama ya ng'ombe, tena bila ile harufu uliyoizoea ya kukushtua.

Kesho jaribu vile vikombe vitatu saa tano kamili, chupa ikiwa bado haijaisha. Kama cha tatu kitakatika niandikie kahawa imechomwaje na maji unatoa wapi.